Chumba kimoja, mtoto anayetambaa: dawa gani ya mbu, na ipulizwe vipi?

*"Habari daktari. Tunaishi chumba kimoja cha kupanga Mbagala, mimi, mume wangu na watoto wawili. Mkubwa ana miaka minne, mdogo ana miezi minane na ameanza kutambaa. Kila jioni napuliza dawa ya kopo mpaka chumba kinukie, kopo la mililita 300 linaisha kwa wiki. Usiku nawasha koili chini ya kitanda, dirisha nimefunga. Mende nawaulia dawa ya kwenye chupa ya maji niliyouziwa na mmachinga, ukiichanganya na maji inakuwa nyeupe kama maziwa, harufu yake kali sana. Sasa mkubwa anakohoa usiku, na mbu wengine wanaanguka halafu wanaamka. Ninunue dawa gani isiyodhuru watoto? Ile ya harufu ya limao ni nafuu kwao? Na wakivuta kidogo niwape maziwa?"*

Dada, tuanze na ile chupa ya maji. Mengine yanaweza kusubiri mpaka kesho, hiyo haiwezi.

Dawa inayogeuka nyeupe ikikutana na maji kwa kawaida ni dawa ya shambani iliyokolezwa. Sumu yenyewe imeyeyushwa kwenye mafuta ya jamii ya petroli, kisha ikatiwa kitu mfano wa sabuni ili ichanganyike na maji. Mkulima huipima kwa mililita ndani ya bomba la lita 15 au 20, akavaa glavu na buti, akapuliza uwanjani penye upepo. Mmachinga ameimimina kwenye chupa bila karatasi, kwa hiyo hakuna anayejua ni sumu gani, ina nguvu kiasi gani, wala uichanganye na maji mangapi. Inawezekana ni ya jamii ya pareto, ambayo nitaieleza chini. Inawezekana pia ni diklorvosi, ile inayoandikwa DDVP kwenye makopo, au klorpirifosi. Hizi mbili ni za jamii nyingine kabisa, organofosfati, na kwa mtoto wa miezi minane hazifai kuwamo ndani ya nyumba.

Tofauti iko kwenye mwili. Neva ikitaka kuamrisha msuli au tezi, hutoa kemikali ya kupeleka ujumbe, na mwili una kimeng'enya cha kuifuta kemikali hiyo mara kazi ikiisha. Organofosfati hukikamata kimeng'enya hicho. Ujumbe haufutiki, tezi zote zinafunguka kwa pamoja: mate, machozi, jasho, makohozi kifuani, kutapika, kuhara. Mboni za macho husinyaa zikawa kama tundu la sindano. Propoksa, ambayo huonekana kwenye baadhi ya dawa za mende, si organofosfati lakini hushika kimeng'enya kilekile, ingawa hukiachia mapema zaidi. Diklorvosi ina ubaya wa ziada kwamba hupanda hewani yenyewe bila kupulizwa. Ukiinyunyiza chini ya kabati, mtoto aliyelala kwenye godoro la sakafuni anaivuta usiku kucha.

Kwa hiyo leo: ifunge vizuri chupa hiyo, itie ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge mfuko, uiweke nje ya chumba mahali pa juu penye kufuli. Usiimwage chooni wala kwenye mtaro, usiichome moto, na usiioshe ili utumie chupa. Mwone afisa afya wa kata akuelekeze pa kuipeleka. Chupa ya maji ya kunywa yenye sumu ndani ndiyo ajali mbaya kuliko zote katika habari hii, kwa sababu mtoto wa miaka minne anaijua chupa hiyo na anajua kuifungua. Sehemu ulizokuwa ukiinyunyizia, pitisha kitambaa chenye maji ya sabuni mara mbili, ukiwa umevaa glavu au mifuko mikononi, na kitambaa hicho ukitupe.

Sasa kopo. Picha ya mbu aliyepinduka, rangi ya kopo na harufu havikwambii chochote. Geuza kopo utafute mstari mdogo wenye asilimia. Mara nyingi umeandikwa kwa Kiingereza, na majina mengi utakayoyakuta huishia na herufi *thrin*. Hao wote ni ndugu, wameigwa kutoka kwenye sumu ya ua la pareto, lile linalolimwa Mafinga na Molo. Sumu hiyo hukwamisha vilango vidogo vya chumvi kwenye neva za mdudu. Vilango vikibaki wazi, neva inapiga bila kukoma, mdudu anatetemeka, anaanguka. Sisi tunasalimika zaidi kwa sababu tuna mwili mkubwa wenye joto, na ini linaivunja sumu hiyo haraka. Ini la mtoto mchanga halijafikia kasi hiyo. Ndiyo sababu sisemi kwamba jamii hii haidhuru watoto. Nasema kwamba kati ya dawa za kopo zinazouzwa madukani, hii ndiyo inayosameheka zaidi ikitumiwa kwa kiasi.

Ndani ya jamii hii kuna makundi mawili, na hapo ndipo uchaguzi wako ulipo. Kundi la kwanza huangusha haraka na halikai sana: tetramethrini, praletrini, alethrini, transfluthrini. Kundi la pili huua na kung'ang'ania juu ya ukuta na sakafu: sipermethrini, deltamethrini, siflutrini, lamda-sihalotrini. Hili la pili limekusudiwa mende, kunguni na chungu, wadudu wanaotembea juu ya kitu kilichopakwa dawa. Makopo mengi yanayouzwa kama dawa ya wadudu wote huchanganya moja la kwanza na moja la pili, ndiyo maana mtu anaona mbu ameanguka papo hapo na mende amekufa keshoye.

Tuchukue mfano. Kopo limeandikwa tetramethrini asilimia 0.25 na sipermethrini asilimia 0.1. Wewe unamaliza mililita 300 kwa siku saba, yaani kama mililita 43 kila jioni, na kwa kuwa dawa hiyo ni nyepesi kuliko maji tuseme gramu 30. Asilimia 0.1 ya gramu 30 ni miligramu 30 za sipermethrini kila jioni. Inaonekana kidogo. Lakini sipermethrini ndani ya nyumba, pasipofika jua, hukaa wiki kadhaa. Ya Jumatatu bado ipo unapopuliza ya Jumanne, na ikifika Jumapili umekwisha kuingiza miligramu 210 kwenye chumba chenye sakafu ya mita za mraba kumi. Matone yale hayabaki hewani. Yanashuka, na mahali yanaposhukia ni sakafu, shuka, mto, beseni la vyombo, toi. Mtu mzima anakanyaga kwa ndala. Mtoto wako anapita hapo kwa viganja na magoti, kisha kiganja kinaingia mdomoni.

Kwa hiyo kwa mbu, kwenye chumba chenu, tafuta kopo lililoandikwa kwamba ni la wadudu warukao, lenye tetramethrini au praletrini. Mara nyingi utaikuta pamoja na fenothrini au permethrini kwa ajili ya kuua, na hiyo inakubalika. Usinunue lenye sipermethrini au deltamethrini kwa ajili ya kupuliza hewani. Ukikuta pia herufi PBO, hiyo ni piperonili butoksidi. Yenyewe si sumu ya kuua mbu, ila inazuia vimeng'enya ambavyo mbu hutumia kuivunja dawa. Kopo liwe na namba ya usajili: kwa Tanzania husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Wasomaji wa Kenya watafute namba ya PCPB, bodi ya viuatilifu ya huko. Kopo lisilo na namba na lisilo na jina la dawa liache dukani, hata likiwa na bei ya kuvutia.

Limao ni manukato tu. Kopo la limao na kopo lisilonukia kutoka kiwanda kimoja mara nyingi yana dawa ileile kwa asilimia ileile. Harufu nzuri ina hasara yake: inamfanya mtu aongeze kupuliza "mpaka kinukie", kama ulivyoandika, na harufu si kipimo cha dawa. Neno "asilia" nalo lisikulevye. Sumu ya ua la pareto lenyewe ni ya asili kabisa, na huchochea pumu na mafua ya mzio kwa baadhi ya watu kuliko hizi za kutengenezwa. Sifa yake nzuri ni kwamba mwanga huiharibu mapema.

Sasa namna ya kupuliza, maana hapa ndipo nusu ya usalama ilipo. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye dari la mita 2.6 kina hewa ya mita za ujazo 27 hivi. Fuata muda ulioandikwa kwenye kopo lako. Kwa chumba cha ukubwa huo kwa kawaida ni sekunde chache, tano au sita. Ukitaka kujua kopo lako linatoa kiasi gani, lipime kwenye mzani mdogo wa jikoni, toka nje ubonyeze sekunde tano zikihesabiwa, upime tena. Tuseme limetoa gramu 7. Basi unachohitaji ni kama robo ya gramu 30 unazotumia sasa, na kopo la wiki moja litakwenda karibu mwezi.

Saa nayo ibadilike. Wengi hupuliza magharibi, halafu wanashindwa kufungua dirisha kwa kuwa mbu ndio wanaingia, basi watoto wanalala ndani ya dawa. Puliza saa kumi alasiri. Mbu wanaouma usiku wakati huo hawaruki, wamejificha: nyuma ya nguo zilizotundikwa mlangoni, chini ya kitanda, kwenye kona yenye giza nyuma ya kabati. Kwanza watoto watoke, na wasirudi kuchungulia. Toa au funika vyombo, ndoo ya maji, chupa ya maziwa ya mtoto na toi. Kunja shuka na chandarua uvifunike kwa kanga kubwa, au uvitoe nje. Zima jiko na mshumaa, kwa kuwa gesi inayosukuma dawa kwenye makopo mengi ni ya jamii ya gesi ya kupikia na inashika moto. Tikisa kopo, simama karibu na mlango, lielekeze juu kwenye kona na kwenye zile sehemu za giza, uhesabu, utoke, ufunge mlango.

Baada ya dakika 20 ingia ufungue dirisha na mlango, utoke tena. Acha hewa ipite saa nzima. Kisha zoa mbu waliokufa na upitishe kitambaa cha maji ya sabuni kwenye sakafu anakotambaa mdogo, isikauke tu kwa feni. Saa kumi na mbili kasoro, kabla giza halijaingia, funga. Kama dirisha lina wavu mzima, liache wazi usiku. Na si lazima iwe kila siku. Mkiwa mnalala ndani ya chandarua, mara mbili kwa wiki kwenye msimu wa mbu wengi inatosha kabisa.

Wale mbu wanaoamka hawakushangazi wewe peke yako. Kuanguka na kufa ni mambo mawili. Dawa ya kundi la kwanza inamwangusha mbu kwa dakika chache, na kama kiasi kilichomfikia ni kidogo, au mbu huyo ni sugu, anakivunja na kuondoka. Usugu dhidi ya jamii hii ya dawa umeenea kwa mbu wa Afrika Mashariki, wale wa malaria na hata wale wanaozaliana kwenye mashimo ya vyoo. Pima mwenyewe: mara tu dakika 20 zikiisha, okota mbu kumi walioanguka kwa kipande cha karatasi, watie kwenye glasi kavu, funika kwa kitambaa chepesi ufunge kwa mpira, uiweke kivulini nje ya chumba kilichopulizwa, na kipamba chenye maji ya sukari juu ya kitambaa ili wasife kwa kiu. Siku ya pili saa ileile hesabu. Wakifa wanane au zaidi, dawa inafanya kazi. Wakiamka sita, kuongeza sekunde za kupuliza kunaongeza sumu kwa watoto wako kuliko kwa mbu. Badilisha kopo, uchukue lenye PBO, au uache kopo kabisa utegemee chandarua.

Na koili. Dawa iliyomo ndani yake ni kidogo mno, chini ya asilimia moja: transfluthrini asilimia 0.03 kwa mfano, au alethrini asilimia 0.2. Usilinganishe tarakimu hizo ukadhani ya 0.2 ina nguvu zaidi. Kila dawa ina kipimo chake, na metofluthrini hufanya kazi hiyohiyo kwa asilimia 0.005. Kilichobaki, zaidi ya sehemu 99 kati ya 100, ni unga wa mbao, vifuu vya nazi, wanga wa kugandisha na rangi. Tazama koili ikiwaka kwa karibu: kwenye ncha kuna kaa jekundu, na milimita chache nyuma yake rangi inageuka kahawia. Pale penye kahawia ndipo dawa inapopata joto na kupaa. Kaa lenyewe linaunguza mbao tu. Kwa hiyo moshi haumfukuzi mbu kwa kiasi chochote cha maana. Ni wa bure, na ndio unaomkohoza mkubwa wako.

Ni moshi mwingi. Watafiti waliopima koili za Uchina na Malaysia mwaka 2003 walikuta kwamba koili moja ikiungua yote hutoa chembe laini za moshi kama za sigara 75 hadi 137. Chembe hizo ni ndogo hata zinafika mwisho wa mapafu. Wewe unaiwasha chini ya kitanda, dirisha limefungwa, kwa saa saba au nane. Mtoto wa miezi minane hupumua karibu mara mbili ya mtu mzima kwa dakika, na amelala karibu na kaa kuliko wewe. Kuvunja koili katikati kunapunguza saa, hakupunguzi moshi wa kila dakika. Zile zinazouzwa kuwa hazina moshi hutoa moshi mchache unaoonekana, lakini hewa ya kaboni monoksidi ipo, maana hutoka popote kitu kinapoungua polepole bila mwali.

Koili ina mahali pake: barazani, watu wazima wakiwa wamekaa jioni, upepo ukivuma kutoka kwenye koili kwenda kwenye miguu yenu na kuendelea nje. Iwekwe kwenye kishikio chake cha bati juu ya sahani yenye mchanga, mita moja au zaidi kutoka kwenye pazia na nguo. Chini ya kitanda, chandarua kikining'inia, ni moto wa nyumba unaosubiri usiku mmoja tu. Ndani ya chumba chenye watoto hawa wawili, na mmoja tayari anakohoa, jibu langu ni hapana, hata nusu, hata mlango ukiwa wazi.

Kama mna umeme wa uhakika, kidude cha kuchomeka kwenye soketi chenye kichupa cha praletrini au transfluthrini hakitoi moshi, na kwa hilo kinaizidi koili mbali. Lakini kinatoa dawa muda wote kikiwashwa. Kiwashe saa moja au mbili kabla ya kulala, dirisha lenye wavu likiwa wazi, kisha ukichomoe. Kikae mbali na kichwa cha mtoto, na kichupa kisifikiwe na mkono wa miaka minne, kwa kuwa ndani yake kuna mafuta ya jamii ya mafuta ya taa.

Kinachofanya kazi usiku kucha bila mtoto kuvuta kitu ni chandarua chenye dawa, wote wanne ndani yake au vitanda viwili vyandarua viwili, kimechomekwa chini ya godoro pande zote. Kikiwa kipya kianike kivulini saa 24 kabla ya kukitumia. Mdogo akilala mchana pia alale ndani yake: mbu wa dengi anauma mchana, na Dar inamjua vizuri tangu milipuko ya 2014 na 2019. Ukipata kile kilichoongezwa PBO au dawa ya pili, chagua hicho, kwa sababu ileile ya mbu sugu.

Mende wamebaki. Wanunulie jeli ya mende ya kwenye bomba mfano wa sindano, iliyosajiliwa. Weka vitone vya ukubwa wa punje ya dengu ndani ya bawaba za kabati, nyuma ya jiko, kwenye ufa wa ukuta ulio juu ya kifua chako. Mende anakula, anarudi shimoni, anafia huko, na wenzake wakimla nao wanakufa. Usipulize dawa ya kopo karibu na jeli, wataikwepa, utasema jeli ni feki.

Kuhusu maziwa: hapana. Aliyevuta dawa hahitaji kitu tumboni, anahitaji hewa. Mtoe nje, mvue nguo zenye dawa, muoshe kwa maji mengi na sabuni. Dawa ikiingia jichoni, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Aliyekunywa dawa usimtapishe kwa chumvi, kidole wala mafuta, na usimlazimishe maziwa. Makopo na chupa nyingi zina mafuta ya jamii ya petroli, na tone likipitia njia ya hewa wakati wa kutapika huunguza mapafu, jambo baya kuliko lilivyokuwa tumboni. Mpeleke hospitali mara moja hata akiwa anacheza, ukiwa na kopo lenyewe au picha ya ule mstari mdogo. Jina la dawa ndilo linalomwambia daktari kama atampa atropini, ambayo inasaidia kwa diklorvosi na propoksa, wala si kwa zile zinazoishia na *thrin*. Ukiona mate yanamtoka ovyo, mboni zimesinyaa, analegea, anapumua kwa shida au ana degedege, usisubiri usafiri wa bei nafuu. Degedege lenye homa nalo linaweza kuwa malaria, kwa hiyo usimalizie na dawa ya mbu kama maelezo. Apimwe.

Na kikohozi cha mkubwa. Ondoa koili leo, kisha usiku huu, akiwa amelala ametulia, fungua kifua chake uhesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa umri wake, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni haraka mno. Kwa mdogo mpaka ni 50. Ukifika huko, au ukiona ngozi chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta hewa, au unasikia mluzi anapoitoa, mpeleke kituo cha afya usiku huohuo. Pumzi zikiwa chini ya hapo na anakula vizuri, mpe wiki moja bila moshi. Kikohozi kikiendelea, mpeleke zahanati, umweleze mganga kwamba koili iliwashwa chini ya kitanda na kwa muda gani, na kama kwenu kuna mtu mwenye pumu. Ikifika wiki mbili bado anakohoa, omba pia achunguzwe kifua kikuu.